Bei ya Saa Moja ya Usukani

Mpwa wangu, ambaye ameazimia kujifunza udereva kabla ya mwaka kwisha, aliniletea karatasi tatu za shule tatu za udereva za hapa Tanga, akaniomba nimwambie ipi iliyo nafuu kuliko zote. Ombi lilikuwa fupi, lakini jibu lake halikuweza kuwa fupi, kwa sababu bei zilizopigwa chapa kwa wino mzito juu ya karatasi zile hazikuwa bei za kitu kimoja. Ya kwanza ilitaka shilingi 180,000 kwa mafunzo ya siku 20, mafuta na ada ya mtihani zikiwa ndani yake. Ya pili ilitaka 250,000 kwa vipindi 12 vya dakika 45, mafuta yakiwa juu ya mwanafunzi. Na ya tatu ilitaka 350,000, ikaahidi leseni mkononi bila usumbufu.

Hiyo ya tatu tuliiweka kando upesi. Shule haina mamlaka ya kutoa leseni. Anayempima mwanafunzi ni askari wa usalama barabarani, na leseni yenyewe hutolewa na Mamlaka ya Mapato baada ya mtu kufaulu na kulipa. Basi shule inayouza matokeo ya mtihani kabla ya mtihani haiuzi elimu, inauza hongo, na anayeinunua hukabidhiwa idhini ya kuendesha chombo asichokimudu katika njia wanayopita watoto wa watu.

Zikabaki mbili, na jambo la kwanza lililohitaji kusafishwa lilikuwa ada za serikali, ambazo hupambwa sana katika matangazo ya namna hii. Leseni ya kujifunza ni shilingi 10,000, jaribio la udereva ni 3,000, na leseni kamili ya miaka mitano ni 70,000. Fedha hizi hazipungui wala haziongezeki kwa kuchagua shule hii au ile. Shule ya kwanza ilipoandika kwa herufi kubwa kwamba ada ya mtihani imo, ilikuwa inajisifu kwa hisani ya shilingi 3,000, na huku zile 70,000, ambazo ndizo zinazouma, hazikutajwa popote katika karatasi yake.

Lakini siri kubwa ilikuwa katika zile siku 20. Kwa mtu asiyezoea, siku 20 ni nyingi kuliko vipindi 12, na kwa hesabu hiyo shule ya kwanza ingeonekana inatoa zaidi kwa fedha chache. Nilimshauri mpwa wangu asiulize kitu ofisini kwanza, bali tuende asubuhi katika uwanja wanakofundishia, tukae kivulini tutazame. Gari dogo jeupe lenye herufi L nyekundu mbele na nyuma lilikuja likiwa na wanafunzi wanne: mmoja kwenye usukani na watatu wamebanana kiti cha nyuma. Kijana aliyekuwa akiendesha aliondoa mguu katika klachi kwa pupa, gari likaruka likazimika, akaliwasha, likazimika tena, mara ya tatu likakubali, likazunguka uwanja kwa gia ya kwanza na ya pili, na alipoanza kutulia, mwalimu akamwambia, "Haya, shuka, mpishe dada yako." Zilikuwa zimepita dakika kumi na tano. Saa moja ya gari iligawanywa kwa watu wanne, na kila mmoja akaenda nyumbani akihesabu kwamba amesoma siku moja.

Hapo hesabu ilijifanya yenyewe. Dakika 15 kwa siku 20 ni dakika 300, yaani saa tano za usukani, na shilingi 180,000 zikigawanywa kwa saa tano, kila saa imegharimu 36,000. Shule ya pili humchukua mwanafunzi peke yake: vipindi 12 vya dakika 45 ni saa tisa. Tukaongeza mafuta. Gari dogo katika mwendo wa kujifunza, likiwashwa na kuzimwa na kukaa sana katika gia za chini, hula kiasi cha lita mbili kwa saa. Tukiikadiria lita kwa shilingi 3,000, saa tisa zitataka 54,000, na jumla itakuwa 304,000, ambayo ni chini kidogo ya 34,000 kwa saa. Aliyeonekana ghali ndiye aliyekuwa rahisi, ingawa si kwa tofauti kubwa, na sharti niseme kwa insafu kwamba mtu asiyekuwa na 304,000 mkononi hawezi kufarijiwa na hesabu ya saa.

Juu ya mafuta nina neno zaidi, maana watu wengi hudhani kwamba mafuta yakiwa ndani ya bei wamepona. Anayelipa mafuta ndiye anayetawala mwendo wa gari. Shule ikiyalipa yenyewe, kila mzunguko ni hasara yake, na mwalimu, hata akiwa mtu mwema, huagizwa kubana matumizi: atafundisha gia gari likiwa limezimwa, atakaa uwanjani siku nyingi, na kule kwenye mteremko, mahali pa kujifunza kuondoka bila gari kurudi nyuma, atakwenda mara moja tu ili isemwe alikwenda. Mwanafunzi akiyalipa, ana haki ya kudai barabara, ila naye aangalie asijaze tangi kwa safari za watu wengine. Dawa ya yote mawili ni moja: asome kilomita kwenye dashibodi akiingia, azisome akishuka, aziandike. Kipindi cha dakika 45 kilichokwisha kwa kilomita mbili kilikuwa cha maegesho, na yafaa kiwe na sababu.

Sasa tuje kwenye kushindwa, ambako hakuna anayependa kukutaja siku ya kujiandikisha. Serikali haimtozi sana anayerudia. Gharama imo katika gari la mtihani na mazoezi ya kurudia. Karatasi ya kwanza, kwa maandishi madogo ya chini kabisa, ilidai 30,000 za gari siku ya kurudia na 12,000 kwa kila siku ya mazoezi, si chini ya siku tano. Jumla, pamoja na ada ya jaribio, ni 93,000, na siku hizo tano ni za dakika 15 zile zile. Aliyeanza na 180,000 amefika 273,000, naye ameshika usukani kwa saa sita na robo tu. Akishindwa mara ya pili atafika 366,000, na kama miezi mitatu ya leseni yake ya kujifunza imekwisha katikati ya kungoja zamu, atakata nyingine. Mwenye saa chache ndiye anayeelekea zaidi kushindwa, kwa hiyo shule inayofundisha kidogo huchuma mara mbili kwa upungufu wake. Sidhani kama wote hufanya hivyo kwa kusudi, lakini bei iliyopangwa hivyo haimsukumi mwalimu kukamilisha kazi yake.

Karatasi ya pili ilinyamaza kabisa juu ya kurudia. Mpwa wangu alikwenda kwa mwenye shule, akamwamkia, akamwomba aandike katika stakabadhi mambo matatu: kwamba vipindi ni vya mtu mmoja, kwamba gari la mtihani wa kwanza na wa kurudia mara moja ni juu ya shule, na kwamba kipindi kitakachokatizwa na ubovu wa gari kitafidiwa. Mzee yule alikubali la kwanza na la tatu bila mabishano. La pili alilipinga, akasema magari yake ni mawili na siku ya mtihani huwa na foleni. Mwishowe wakapatana 15,000 kwa gari la kurudia, yakaandikwa, na mpwa wangu akalipa 125,000, nusu iliyobaki ikalipwe baada ya kipindi cha sita.