Kapata, Kapiki

Tuseme unataka kujua kama Kikae, lahaja ya Makunduchi huko kusini mwa Unguja, kinatofautiana na Kiswahili cha Mjini katika kueleza jambo lililokwisha kutendeka. Unapanda daladala, unamkuta mzee barazani, unaamkia, unauliza: "Amepata, nyinyi mnasemaje?" Anakujibu: "Kapata." Unarudi Mji Mkongwe umeridhika, maana hata Darajani watu husema kapata. Daftarini unaandika kwamba hakuna tofauti.

Mzee amekwambia kweli tupu, na ulichoandika si kweli. Hapo ndipo swali la kuamini linaponikera. Tumezoea kudhani kuwa ukipata msemaji halisi, mwaminifu, mzaliwa wa hapo, kazi imekwisha.

Katika Kikae, ka- ni kiambishi cha nafsi ya tatu umoja, pale ambapo Kiswahili sanifu huweka a-. Alama ya kuwa tendo limekwisha iko mwishoni: irabu ya mwisho hufuata ile iliyoitangulia ndani ya kitenzi. Kwa hiyo aliyekwisha kupika, Mjini ni kapika, Makunduchi ni kapiki. Lakini kitenzi pata kina a mbili. Irabu ya mwisho ikiifuata ya kabla yake, hubaki a ile ile, na sarufi mbili hutoa neno moja. Ungeuliza pata, kaa na lala mchana kutwa, usingeona kitu. Pika peke yake ingetosha kukuamsha.

Na hata ukiuliza pika, huenda usipate kapiki. Umeuliza kwa Kiswahili cha shule, una daftari, umetoka Mjini. Mwenyeji mstaarabu atakupokea kwa lugha uliyokuja nayo. Bibi mmoja alinijibu kwa Kiswahili safi kabisa, kisha akageuka kumwita mjukuu wake jikoni kwa maneno ambayo niliyapata nusu. Nilipomwomba ayarudie, alicheka: "Hayo ya nini, mwanangu? Hayo ya kwetu tu." Ndiyo maana siku hizi nakaa na kusikiliza watu wakizungumza wao kwa wao, na nikilazimika kuuliza, naeleza kisa badala ya kutaja neno: chungu kimeshuka, wali tayari, dada yako ametoka, wamwambiaje mgeni?

Maandishi nayo yana mtego wake. Haji Chum, aliyekusanya maneno ya lahaja hii, alikiita kitabu chake cha 1994 Msamiati wa Pekee wa Kikae. Neno "pekee" si la kupita haraka. Anayeorodhesha yaliyo ya pekee ana haki ya kuyaacha yale ambayo Mjini pia yapo, kwa hiyo kutoliona neno humo si ushahidi kwamba Wamakunduchi hawalitumii. Hata hivyo, ni rahisi mno mtu kusema "Kikae hakina neno hili" kwa kuwa hakulikuta kwenye orodha. Mwaka 2012 Baraza la Kiswahili Zanzibar, BAKIZA, lilitoa Kamusi ya Lahaja ya Kimakunduchi, na milango ikafunguka zaidi. Lakini kamusi hukupa maneno, na siri ya kapiki haikai ndani ya neno moja.

Halafu kuna majina. Kikae, Kimakunduchi, Kihadimu: msomaji asiyejua atadhani amesoma habari za lahaja tatu, au kwamba amepata mashahidi watatu wanaokubaliana. Huenda wote wamenakiliana. Katika lugha yenye vitabu elfu, kosa la mmoja hukutana na wengine wa kulipinga. Hapa vitabu vyenyewe utavihesabu kwa vidole, na kosa likishapigwa chapa linaweza kusafiri miaka bila kukutana na mtu.

Wengine hujibu kuwa basi tusiamini chochote mpaka tuishi huko miaka kumi. Mimi siafiki. Shaka ya namna hiyo humwacha mtoto wa Makunduchi na sauti moja tu, ya mwalimu anayemwambia kapiki ni Kiswahili kibovu. Mwalimu huyo hana shaka hata chembe.

Tasnifu yangu nayo itaingia kwenye rafu hiyo fupi. Kwa hiyo kando ya kila mfano naandika kijiji, makamo ya msemaji, na hasa swali nililouliza, neno kwa neno. Palipo kapata nimeongeza kwamba kitenzi hiki hakiwezi kuonyesha tofauti. Msimamizi wangu anaona maelezo hayo yanarefusha kurasa bure. Bado tunavutana.