Tuliachana, Aliniacha

Mahojiano yalichukua dakika 52. Nilipoyaandika neno kwa neno yakajaza kurasa 17, na msimamizi wangu alitaka ukurasa mmoja. Mama niliyemhoji anauza samaki wa kukaanga. Utafiti wangu unahusu mitaji ya wanawake wenye biashara ndogondogo. Alisema hivi:

"Tuliachana mwaka ule. Yaani, aliniacha. Ndoo ya kwanza ya samaki niliipata kwa dada yangu. Mimi nilikuwa najua nina mume." Kisha akacheka.

Katika muhtasari niliandika: "Baada ya kuachika, alianza biashara kwa msaada wa dada yake." Sentensi fupi, safi. Lakini yeye alianza na "tuliachana", kitenzi kinachowagawia wawili tendo moja, halafu akajisahihisha na kumtaja mtendaji: "aliniacha". Mimi nikaweka "kuachika", kana kwamba ndoa ilivunjika kama kikombe, bila mkono wa mtu. Sikusema uongo. Nilimfutia mtu lawama tu, na msomaji asingejua kwamba kitenzi kile ni changu.

Nikaamua kumnukuu: "Tuliachana mwaka ule... Mimi nilikuwa najua nina mume." Hapo kila neno ni lake, ila vile vidoti vitatu vimemeza masahihisho yake. Sasa anaonekana mtu aliyekubali kuachana, kisha akasahau. Kosa hili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu alama za kunukuu ni kama kiapo: msomaji akiziona, haulizi tena.

Basi ninukuu yote? Nilimwahidi kuficha jina lake. Lakini "nilikuwa najua nina mume" ni msemo wake. Wateja wake wanamtania nao kila jioni. Mtu wa mtaa ule akiusoma, jina halihitajiki tena. Kumbe nukuu sahihi kabisa nayo inaweza kuvunja ahadi.

Mwishowe niliandika: "Alisema 'tuliachana', kisha akajisahihisha: 'aliniacha'. Alianza biashara kwa msaada wa dada yake." Nilinukuu pale palipokuwa na lawama, nikasimulia kwa maneno yangu yaliyobaki, na msemo nikauacha. Kicheko nacho nilikiacha. Ningeandika "akacheka kwa uchungu", uchungu huo ungekuwa wa kwangu.

Kabla ya kuwasilisha nilimpigia simu nikamsomea.

"Ni hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Ila msaada gani? Dada alinikopesha, na nilimlipa yote."

Nikarudi kwenye kurasa zangu. Ukurasa wa 11 alikuwa amelisema jambo hilo waziwazi. Nilikuwa nimehangaika na kitenzi kimoja hadi nikampokonya deni alilolilipa, kwa neno ambalo hata sikuliona kuwa ni langu.