Notisi ya Kodi ya Nyumba: Sababu Nayo ni Amana

Tarehe 20 Februari, baada ya swala ya Alfajiri, tulikuta karatasi imebandikwa ukutani karibu na bomba la maji. Tunaishi wapangaji wanane katika ua mmoja hapa Mbale, kila mmoja na chumba chake, na sote ni wanafunzi. Karatasi ilisema kwamba kuanzia tarehe 1 Machi kodi ya kila chumba itapanda kutoka shilingi 120,000 hadi 150,000 kwa mwezi. Sababu zilitajwa tatu: bili ya maji imeongezeka, paa la vyumba vya nyuma limetengenezwa upya, na ushuru wa mji umepanda. Mstari wa mwisho ulisema asiyeridhika aondoke kabla ya tarehe hiyo.

Tulikasirika, na hasira yetu yote iliangukia kwenye kiwango. "Elfu thelathini! Hajji hana huruma!" Ndiyo kauli iliyozunguka uani siku nzima. Kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma fiqhi, wenzangu wakanituma nitafute hoja. Nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyoona kwamba tulikuwa tumeshika upande dhaifu. Notisi ile ilikuwa na mambo matatu, yaani kiwango, tarehe na sababu, na kila moja lina hukumu yake.

Tuanze na kiwango. Nyumba ni mali ya mwenyewe na manufaa yake ni haki yake kuyauza. Mkataba wa ijara ukimalizika, sharia haimlazimishi kukodisha tena kwa bei ya zamani. Katika hadithi ya Anas bin Malik, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, bei zilipanda Madina na watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei. Hakukubali. Alieleza kwamba mwenye kupanga bei ni Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake bila mtu kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Ni kweli kwamba wanazuoni kama Ibn Taymiyya waliona mtawala anaweza kuingilia kati pale wauzaji wenyewe wanapokuwa chanzo cha dhulma. Uganda nayo ina sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji, inayozuia kodi kupanda kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa Waziri aweke kiwango kingine. Kutoka 120,000 hadi 150,000 ni asilimia 25, kwa hiyo kwa sheria ya nchi tulikuwa na hoja. Lakini kumwita mtu dhalimu mbele ya Mwenyezi Mungu kwa sababu tu ameomba bei kubwa ni jambo jingine, na ushahidi wa hilo sikuupata.

Tarehe ilikuwa na uzito zaidi. Wapangaji watano kati yetu tulikuwa tumelipa kodi ya muhula mzima, Februari hadi Mei, shilingi 480,000 kila mmoja. Ijara ni mkataba unaofunga pande zote mbili. Ukishakubaliwa kwa muda unaojulikana na kwa malipo yanayojulikana, mwenye nyumba hawezi kuuongeza katikati, kama ambavyo mpangaji hawezi kuupunguza katikati kwa kuwa ameona chumba cha bei nafuu mtaa wa pili. Amri ya kutimiza mikataba iko mwanzoni kabisa mwa Suratul Maida. Kwetu sisi watano, basi, tarehe 1 Machi haikuwa na maana yoyote. Notisi yetu ingeweza kuanza kufanya kazi tarehe 1 Juni tu.

Wale watatu waliobaki walikuwa wanalipa mwezi kwa mwezi, na hapa mambo ni magumu zaidi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba kukodisha "kila mwezi kwa kiasi fulani" bila kutaja mwisho hakusihi, kwa kuwa muda haujulikani. Aliyekwisha kukaa hulipa kodi ya mfano, yaani ile inayotozwa kwa nyumba kama hiyo. Mahanafi wamelipa jambo hili nafasi zaidi: mkataba unasihi kwa mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi mpya ukiingia nao mkataba unafanywa upya. Nadhani wapangaji wengi wa miji yetu wanaishi kwa hukumu hii ya pili bila kuijua.

Nilikuta suala letu lenyewe katika Majalla, kitabu cha sheria cha Dola ya Uthmaniya kilichotungwa kwa fiqhi ya Kihanafi katika karne ya 19. Kifungu cha 438 kinatoa mfano wa mtu aliyekodi duka kwa kurushi 50 kwa mwezi. Baada ya miezi kadhaa, mwanzoni mwa mwezi, mwenye duka anamwambia: ukiridhia 60 kaa, usiporidhia ondoka. Mpangaji akisema hakuridhia na akaendelea kukaa, anadaiwa 50 zilezile za awali. Akinyamaza na akaendelea kukaa, anadaiwa 60, kwa sababu katika ijara kunyamaza kunahesabiwa kuwa ni kuridhia.

Niliwasomea wenzangu watatu maneno hayo tarehe 26 jioni. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo tukikaa kimya hadi tarehe moja tumekubali?" Kwa mujibu wa kifungu hicho, ndiyo. Siku sita tulikuwa tumelalamika kila mahali isipokuwa kwa mwenye nyumba. Malalamiko ya uani si jibu. Jibu ni lile analofikishiwa aliyetoa notisi, kabla ya tarehe aliyoiweka. Usiku ule tukaandika barua.

Sasa sababu. Mwenye nyumba hakuwajibika kuzitaja. Fiqhi inatofautisha aina mbili za kuuza. Katika musawama, muuzaji anataja bei anayoitaka na hasemi alinunua kwa kiasi gani, na mnunuzi hana haki ya kumhoji. Katika murabaha, muuzaji anasema: mimi nilinunua kwa 100, nakuuzia kwa faida ya 10. Hapo mnunuzi ameacha kupatana, akalitegemea neno la muuzaji, na ndiyo maana mauzo hayo huitwa mauzo ya amana. Ikidhihirika kwamba alinunua kwa 90, basi kwa kauli yenye nguvu zaidi ya Shafii, ile ziada huondolewa pamoja na fungu lake la faida.

Notisi ya kodi si murabaha, na sidai kwamba kadhi angepunguza kodi kwa kipimo hicho. Lakini maana yake ya kimaadili ni ileile. Mwenye nyumba akiandika tu "kuanzia tarehe fulani nataka 150,000", mpangaji anajua yuko sokoni na atapatana. Akiandika "kwa sababu maji yamepanda", anamwomba mpangaji aache kupatana na amwamini. Tangu hapo sababu ni ushahidi, na ushahidi wa uongo unaomfanya mtu atoe mali yake ni ghishi.

Tulikwenda wawili kwa Hajji baada ya Isha, tarehe 27. Alitukaribisha, akatuletea chai, akaisoma barua yetu polepole. Kisha, kwa heshima yake, akaleta risiti. Tukahesabu pamoja. Bili ya maji ya ua mzima ilikuwa imeongezeka kwa shilingi 32,000 kwa mwezi, sawa na 4,000 kwa chumba. Paa, yaani mabati, mbao na fundi, liligharimu 1,440,000. Tukilitandaza kwa miezi 24 ni 60,000 kwa mwezi, au 7,500 kwa chumba. Nikamkumbusha kwamba paa linalovuja ni jukumu la mwenye nyumba katika muda wa mkataba, maana bila paa hakuna manufaa ya kukodisha, ila mkataba mpya unaweza kulizingatia. Ushuru wa mji haukuwa umepanda. Jumla ya sababu za kweli ilikuwa 11,500. Notisi iliomba 30,000.

"Na hizi nyingine, Hajji?" mwenzangu akauliza.

Alikaa kimya kidogo. "Vijana wangu, nina binti ameingia chuo mwaka huu. Na majirani wote hapa wanatoza laki na nusu. Ningeandika hayo ukutani?"

Nilitamani kumwambia: ndiyo, ungeandika, au usingeandika chochote. Karo ya binti ni sababu halali, na bei ya mtaa ni sababu halali pia. Hakuwa na haja ya kuuongeza ushuru usiokuwepo. Alifanya hivyo kwa sababu aliona haya kusema kwamba anahitaji, na nadhani uongo mwingi wa masoko yetu unazaliwa hapo, kwenye haya ya kuhitaji kuliko kwenye tamaa.

Kabla sijafungua mdomo, akaigeuza barua yetu na kuweka kidole kwenye mstari wa tatu. "Na ninyi mmeandika hakuna hata mmoja wenu anayeweza kulipa zaidi ya laki moja na ishirini. Ni kweli?"

Mstari ule niliuandika mimi. Haukuwa kweli. Wawili kati yetu wangeweza kulipa 150,000 bila kukosa mlo hata mmoja, na mmoja wa hao wawili nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetumia umaskini wa wenzangu kama yeye alivyotumia ushuru wa mji. Nikamwambia, "Si kweli, Hajji. Utusamehe." Akacheka, akasema naye asamehewe.

Makubaliano yalikuwa haya. Waliolipa muhula wanabaki na 120,000 hadi tarehe 31 Mei. Wanaolipa kwa mwezi wanaanza 132,000 tarehe 1 Aprili, na wengine tarehe 1 Juni. Hiyo ndiyo asilimia 10 inayoruhusiwa. Akabandua ile karatasi na kuandika nyingine, fupi: kiwango kipya, tarehe mbili kulingana na mkataba wa kila mtu, na sababu mbili tu, maji na paa.

Bado najiuliza kama tulimpunja. Majirani wanaendelea kupokea 150,000, na binti yake bado anasoma. Sheria ilikuwa upande wetu, lakini sheria haikuniuliza mimi ninayeweza kulipa kama ninafurahia kujificha nyuma ya wenzangu wasioweza. Swali hilo halikuwamo kwenye notisi, wala Hajji hakuniuliza. Mwezi wa Juni unakuja, na jibu lake nitalipeleka mwenyewe mkononi mwake. Wallahu aalam.