Twawiwa Nini na Afanyaye Kazi Bila Mshahara?

Watu wengi husema ya kuwa mtu akijitolea kufanya kazi bila mshahara hana la kudai, kwa kuwa alipenda mwenyewe. Neno hilo laonekana kuwa la haki, nasi tulilishika miaka mingi katika chama cha kijiji chetu cha kuwatazama wagonjwa na wazee majumbani. Lakini lilituletea hasara, na wasomaji walio na vyama kama hivyo na wapime habari hizi.

Tulikuwa na watenda kazi 12, na nyumba za kuangaliwa 48. Hesabu yake ni nyepesi: kila mtu nyumba nne. Ila hatukuandika nyumba zipi ni za nani, tulisema tu, "Mwenye nafasi na aende." Kumbe mwenye nafasi ni yule asiyeweza kukataa. Baada ya mwaka, mama mmoja mjane alikuwa akienda nyumba 19 peke yake, na wengine watatu hawakuenda hata moja. Katika mkutano mkuu mwenyekiti aliwashukuru watu wote 12 kwa maneno yale yale. Wale watatu walipiga makofi kuliko wote.

Dalili zilikuwapo, nasi hatukuzisoma. Kwanza mama yule alianza kumtuma mtoto kuleta udhuru. Halafu daftari lake, ambalo zamani lilikuwa na wino wa kila namna na madoa ya mvua, lilikuja na kurasa za miezi mitatu zilizoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, kama kazi ya alasiri moja. Mwisho hakuja kabisa.

Tulikwenda kwake pamoja na wazee wawili, tukidhani tutasikia habari za uchovu. Hakuutaja uchovu. Alisema ya kuwa sabuni ya kuwaoshea wagonjwa alinunua kwa fedha yake, na mara mbili alilipa pikipiki ya kumpeleka mgonjwa zahanati usiku. Tena, wageni walipokuja kufanya semina ya siku mbili, waliotoa posho, walikwenda mwenyekiti na shemeji yake. "Kama fedha hazipo," akasema, "basi zisiwepo kwetu sote. Zikiwapo, mbona mimi hazinijui?" Hatukuwa na jibu.

Hapo tulitambua tofauti tuliyokuwa tumeichanganya. Mtu akitoa muda wake, ametoa zawadi. Wala haifai kumlipa mtu aliyeleta zawadi. Lakini sabuni na nauli hakuzitoa kuwa zawadi. Tulimtwika sisi, kwa kunyamaza. Hilo ni deni, na kulirudisha si kumpa mshahara. Tangu siku hiyo mweka hazina huweka akiba ndogo kwa ajili hiyo, na mwenye kutumia huleta hesabu yake mwisho wa juma. Safari zenye posho nazo huenda kwa zamu, na orodha imebandikwa ukutani ambapo kila mtu aiona.

Kisha tulimwandikia kila mtu kazi yake: nyumba nne kwa majina, siku ya Jumanne, tangu saa tisa hata saa kumi na moja, kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha huulizwa, "Waendelea, wapumzika, au wataka kazi nyingine?" Wengine katika baraza waliogopa ya kuwa tukiwafungulia watu mlango watatoka wote. Walitoka wawili, nao walikabidhi daftari zao kwa heshima, na mmoja amekwisha kurudi. Zamani walitoweka bila kuaga, na wagonjwa wakakaa bila kujua nani aja.

Lakini kuna mpaka ambao hata utaratibu mwema hauuvuki. Kazi ikiwa ya kila siku, yenye vipimo na taarifa za kupeleka juu, kuiita ya kujitolea ni kuchukua jasho la maskini kwa jina zuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri ya kuwa wahudumu wa afya wa vijijini walipwe kwa kadiri ya kazi wanayotakiwa. Nchini Kenya, Septemba 2023, serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, kwa ahadi ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Kabla ya hapo wengi wao walikuwa wakijitolea. Chama kama chetu hakina fedha hizo. Kwa hiyo tumekubaliana kutompa mtu yeyote zaidi ya alasiri moja kwa juma, hata akiomba mwenyewe.

Mama yule tulimlipa sabuni na pikipiki, kwa kadiri alivyokumbuka. Hakurudi mwaka ule. Mwaka uliofuata alikuja akaomba nyumba mbili tu, zilizo karibu na shamba lake, nasi tukamwandikia mbili.