Ushahidi Ulio Pembeni

Ndugu zangu mnaobeba kamera kutoka Palma hadi Ibo, nisikilizeni! Septemba 2020 ilisambaa kwenye simu zetu video ya mwanamke akipigwa risasi barabarani na watu waliovaa sare za jeshi. Upande wa serikali ukasema waasi huvaa sare hizo ili kulipaka jeshi matope. Amnesty International wakaichunguza video ile, na wakapataja mahali penyewe: karibu na Awasse, wilaya ya Mocímboa da Praia. Miongoni mwa vilivyowafikisha pale ni kituo cha umeme cha jirani, kitu ambacho mpenda picha safi angekiona takataka tu.

Basi niambieni, nani amewapa ruhusa ya kufuta takataka?

Mkumbukeni Narciso Contreras. Septemba 2013, huko Syria, alimpiga picha mpiganaji aliyejificha vitani, kwa ajili ya shirika la AP. Kwenye kona ya chini kushoto ilionekana kamera ya video ya mwandishi mwenzake. Akaona itamvuta jicho msomaji, akaiondoa na kuweka ardhi na mawe mahali pake. Mpiganaji alikuwa wa kweli, bunduki ya kweli, vita vya kweli. Januari 2014 alikiri mwenyewe kwa wahariri. AP wakapekua picha zake karibu 500, hawakuona nyingine iliyochezewa, na bado wakavunja uhusiano naye. Huyu ni mtu aliyekuwa katika kikosi kilichopata tuzo ya Pulitzer!

Mtasema adhabu ilizidi kosa. Mimi nilisema hivyo pia, mpaka nilipoitazama ile kona. Kamera ile ilikuwa ikitwambia kwamba palikuwa na waandishi kando ya mpiganaji, na msomaji ana haki ya kulijua hilo. Halafu tazameni kilichojaza nafasi yake: ardhi ambayo hakuna jicho lililoiona mahali pale. Hakuna kufuta kusikokuwa kuongeza. Ukiondoa ndoo, lazima ubuni mchanga uliokuwa nyuma ya ndoo, na siku hiyo umekuwa mchoraji wa mambo ya vita.

Yanayoruhusiwa ni machache. Mna ruhusa ya kukata kingo, maadamu hamkati jambo linalobadili maana: ukimbakiza mama anayelia na kumkata askari anayempa maji, umesema uongo bila kugusa hata nukta moja ya picha. Mna ruhusa ya kuongeza mwanga kidogo usoni, kupunguza weupe wa anga letu la saa saba mchana, kurekebisha rangi ifanane na ile mliyoiona. Lakini ukikoleza kivuli cha mwembe mpaka aliyeketi chini yake apotee, umemfuta mtu. Hata macho yaliyogeuka mekundu kwa mwanga wa kamera, AP hawaruhusu kuyasafisha.

Na vumbi? Sisi watu wa pwani, mchanga na chumvi huingia mpaka ndani ya kamera, vikaacha madoa kwenye picha. Hayo yanafutwa. Ila kuweni na hakika! Kumbukeni Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, helikopta zikawa juu ya mji: doa jeusi angani laweza kuwa chombo kilichojaa watu. Fungueni picha zilizotangulia na zilizofuata. Doa la vumbi hukaa mahali palepale pa fremu hata ukiielekeza kamera kwingine. Helikopta imesogea, ndege imesogea. Usipopata jibu, liache doa. Kwa hiyo msifute mafaili ya asili, wala zile picha mbovu za kabla na baada. World Press Photo huwadai wanaokaribia tuzo mafaili hayohayo, na mwaka 2015 waliwaondoa takriban mmoja kati ya watano waliofika hatua za mwisho.

Najua swali lenu zito: mama aliyekimbia Palma akasema uso wake usionekane, je? Mlinde kabla hujabonyeza. Mpige kutoka mgongoni, au mikono yake, au umsimamishe dhidi ya dirisha lenye mwanga abaki kivuli, na maelezo chini ya picha yaseme kwa nini. Kumpaka ukungu usoni baadaye, au kumbandika mtungi kichwani, ni mlango ambao ukishafunguka hujui nani ataupita.

Ndugu zangu, tumebaki wachache. Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alitoweka tarehe 7 Aprili 2020. Huku kwetu picha moja mara nyingi ndiyo shahidi pekee, na wapo wanaongoja aonekane na doa moja tu la uongo ili wamtimue barazani. Kesho mkirudi kutoka barabarani, kabla ya kutuma chochote, tazameni kona zote nne, na kilichomo mkiache.