Pampu iliyoungua saa nane mchana

Mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha Kawajense, pale Mpanda, alikuwa na simtanki jeusi nyuma ya nyumba, juu ya zege, likianikwa juani kutwa. Pampu ilivuta maji humo na kuyapandisha kwenye tangi dogo la paani. Kijana fundi akamfungia kwenye mfuniko sensa ya JSN-SR04T, ile yenye jicho moja lisilodhuriwa na maji, iizime pampu maji yakipungua.

Kazi ya sensa hiyo ni kupiga mlio wa juu mno ambao sikio halisikii, kisha kusubiri mwangwi urudi kutoka usoni pa maji. Muda wa kwenda na kurudi ndio unaopimwa, kwa maikrosekunde. Kijana aliugawa muda huo kwa 58 apate sentimita, kama wanavyofanya wengi, na hakujiuliza hiyo 58 imetoka wapi.

Kutoka kwenye jicho hadi sakafu ya tangi ni sentimita 200. Mdomo wa bomba la kuvutia uko sentimita 10 juu ya sakafu, kwa hiyo aliamuru pampu izime umbali ukifika 185, yaani maji yakibaki sentimita 15. Jioni alishusha futi kamba tangini, ikakubaliana na kioo kinachoonyesha umbali. Akalipwa, akaenda zake.

Ikaja Oktoba, joto la kabla ya mvua. Mama akampigia simu: "Mwanangu, kifaa chako kinasema maji yapo, na pampu inalia." Alifika usiku, akapima, akakuta kila kitu sawa. Akailaumu pampu, akabadilisha sili. Siku chache baadaye sili mpya nayo ikaungua, tena saa nane mchana kama ile ya kwanza.

Safari hii alifungua mfuniko mchana huohuo. Kioo kilisema 185. Futi kamba ilisema 192. Maji yalikuwa yamebaki sentimita 8, chini ya mdomo wa bomba, na pampu ilikuwa imevuta hewa tupu.

Sauti huenda kasi zaidi hewa inapopata joto. (Mwinuko wa Mpanda, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hauna hatia hapa; kinachoibadilisha kasi ni joto, si shinikizo la hewa.) Kugawa kwa 58 ni kuamini kwamba sauti inakwenda kama mita 345 kwa sekunde, na hiyo ni kasi ya hewa yenye nyuzi joto 22 hivi. Usiku ni kweli. Lakini ndani ya tangi lile mchana hewa ilifika nyuzi 45, na sauti ikakimbia karibu mita 359 kwa sekunde. Mwangwi ukawahi kurudi, na sensa ikadhani maji yako karibu. Kosa ni asilimia 4, ambayo katika sentimita 185 ni 7 nzima.

Akabadilisha hesabu, T ikiwa joto la hewa kwa nyuzi na muda ukiwa maikrosekunde:

```
kasi = 331.3 + 0.606 * T;
umbali = muda * kasi / 20000;
```

Hesabu ilikuwa sahihi, ila kipima joto alikitundika nje, kivulini chini ya paa. Kikasoma 32. Sauti lakini haikusafiri kivulini. Ilisafiri ndani ya tangi. Kioo kiliposema 185, futi kamba ilisema 189, maji yakiwa sentimita 11. Ilibaki sentimita moja tu pampu iungue tena.

Ndipo akashusha kipima joto cha DS18B20, chenye ncha isiyoingia maji, hadi katikati ya kimo cha tangi, maana chini ya mfuniko hewa huwaka kuliko karibu na maji. Tangi likijaa ncha inazama na kusoma joto la maji, lakini hilo halisumbui: umbali wenyewe ni mfupi wakati huo, na kosa nalo ni dogo. Kilichosalia ni mvuke, ambao hewa ikiwa ya moto na imeshiba unyevu huongeza kasi kwa asilimia moja hadi mbili. Kwa ajili hiyo aliinua kikomo cha kuzima hadi maji sentimita 20, na kwenye waya wa pampu akaunganisha swichi ya boya, ambayo joto haliidanganyi.

Fundi unayesoma hili, kabla hujapokea malipo ya kazi kama hii, rudi saa nane mchana tangi likiwa karibu tupu, ushushe futi kamba.