Mabaka Manne Yasiyohesabiwa

Katika daftari kubwa la kliniki yetu ya ngozi, habari za fundi seremala mmoja zilichukua mistari miwili tu. Wa kwanza: "Mabaka meupe mgongoni na mkononi. Hayawashi. Fangasi? Apake dawa, arudi wiki 4." Wa pili, mwezi mmoja baadaye: "Mabaka bado yapo. Aendelee." Mwandiko wa kwanza ulikuwa wa tabibu aliyekwisha kuhamishwa. Wa pili ulikuwa wangu.

Mwaka ule tuliletewa fomu mpya, moja kwa kila mgonjwa, zenye visanduku vitano vya kueleza alama ya ngozi: mahali ilipo, ukubwa wake, umbo, rangi na mtawanyiko. Nilipewa kazi ya kuhamishia humo maelezo yote ya madaftari ya zamani. Niliifanya usiku, nyumbani, baada ya chakula, nikiwa na rundo la fomu upande mmoja na daftari upande mwingine. Agizo lilikuwa moja: fomu isibaki na nafasi tupu. Niliipenda kazi ile. Kuona mistari iliyokwaruzwa haraka ikigeuka kuwa maelezo yaliyonyooka kulinipa raha, na raha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nilipofika kwa fundi, niliandika hivi. Mahali: mgongo wa juu na mkono. Ukubwa: sentimeta 2 hadi 3. Umbo: mviringo. Rangi: nyeupe. Mtawanyiko: machache, 4.

Manne yalitoka wapi? Daftari lilisema "mabaka", basi si moja. Lilitaja sehemu mbili. Nikawaza mawili huku na mawili kule, nikaandika 4 kwa wino wa buluu, mwandiko mzuri, nikageukia mgonjwa anayefuata. Sentimeta nazo nilizitoa kichwani, kwa kuwa mabaka ya fangasi niliyoyazoea huwa ya kiasi hicho. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu. Nilidhani napanga tu yaliyokwisha kuandikwa.

Fundi alirudi miezi miwili baadaye, dawa ya kupaka ikiwa haijabadilisha kitu. Safari hii alipokelewa na daktari kijana, mgeni kituoni, na alikuwa makini. Alisoma fomu yangu, akachukua pamba, akaisokota ncha yake ikawa nyembamba, akamwambia fundi afumbe macho na aoneshe kwa kidole kila anapoguswa. Kwenye ngozi nzima fundi alionesha bila kukosea. Kwenye baka la mkononi pamba ilipita na kurudi, fundi ametulia tuli, anasubiri kuguswa. Ulikuwa ukoma.

Hapa hesabu ya mabaka si pambo. Kwa mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani, mwenye baka 1 hadi 5, asiyeonekana vimelea kwenye kipimo cha ngozi wala kuguswa neva, huhesabiwa kuwa na ukoma wa vimelea vichache, na hutibiwa kwa miezi 6. Akizidisha mabaka 5, au neva ikiwa imeshaguswa, au vimelea vikionekana, ni ukoma wa vimelea vingi, na matibabu ni miezi 12. Tangu mwongozo wa 2018 dawa ni zile zile tatu kwa wote, rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa hiyo kinachotofautisha ni muda. Kipimo cha vimelea hakikuwapo kituoni kwetu, hivyo uamuzi ulibaki mikononi mwa anayehesabu.

Kijana yule alimpandisha fundi shati hadi mabegani, akaona mabaka matatu mgongoni, akaongeza la mkononi. Jumla manne, sawasawa na fomu. Namba mbili zilipokubaliana, hakuona sababu ya kuendelea kumvua. Ningekuwa mimi, nami nisingeona. Laiti kisanduku kile kingekuwa kitupu, angelazimika kuhesabu mwenyewe kuanzia utosini hadi nyayoni. Namba yangu ilimzuia kutafuta.

Katika mwezi wa tano wa dawa fundi alikuja na shida nyingine. Misumari ilikuwa ikimponyoka. Kidole kidogo cha mkono wa kulia na nusu ya kile cha pete vilikuwa vimekufa ganzi, na nyuma ya kiwiko palimuuma alipopagusa. Bahati nzuri ilikuwa siku ya ziara ya daktari bingwa wa ngozi, mama mtu mzima aliyesomea kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi pale KCMC, Moshi, kilichoanza 1992. Hakuanza na fomu. Alimpeleka fundi nyuma ya pazia, karibu na dirisha, kwa sababu taa yetu ya manjano hufanya ngozi iliyopauka ionekane nzima, akamwomba avue nguo zote abaki na taulo.

"Haya ya matakoni umeyajua lini, fundi?"

"Mama watoto aliyaona zamani, kabla sijaja hapa mara ya kwanza. Sikuulizwa, nami niliona haya."

Alihesabu kwa sauti nami nikiandika. Matatu mgongoni, mawili mkononi maana moja lilikuwa nyuma ya kiwiko, manne matakoni, mawili pajani. Kumi na moja. Akabonyeza neva nyuma ya kiwiko. Ilikuwa imevimba, nene kuliko ya upande wa pili. Matibabu yakabadilishwa kuwa ya miezi 12, akaongezewa prednisoloni kwa ajili ya neva ile.

Kisha akaomba fomu. Akaisoma taratibu, akauliza hii 4 nani aliihesabu. Nikamwambia ni mimi. "Ulimwona?" Nikasema nilimwona mara moja, lakini sikuhesabu, niliitoa kwenye daftari. Akaomba daftari. Aliposoma mistari miwili ile hakunifokea, na afadhali angefoka.

"Mwanangu," alisema, "daftari halikusema manne. Halikusema lolote. Hilo ndilo lilikuwa la kuandika."

Jioni ile tulikaa tukaipanga upya fomu ya fundi. Alichonionesha kilikuwa rahisi, ingawa hakikunijia mwenyewe katika usiku wote ule. Maneno ya zamani huhamishwa kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na tarehe. Kisanduku ambacho daftari halikukijibu huandikwa "haikuandikwa". Alama ya kuuliza iliyokuwa baada ya neno fangasi hubaki, kwa sababu mwandishi wake hakuwa na hakika, na mimi nilikuwa nimeiacha nje. Na jina la ugonjwa halina nafasi katika visanduku vile vitano, kwani hivyo ni vya kilichoonekana. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaamini ni fangasi, niliandika hata umbo na ukubwa wa fangasi.

Halafu tukaingia kwenye maneno yenyewe, na hapo ndipo nilipoona jinsi lugha yetu inavyoweza kumwangusha mwandishi mwenye haraka. "Mkononi" ni wapi? Kwa Kiswahili mkono huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole, kama vile mguu unavyojumuisha paja, goti, muundi na unyayo. Baka la kiganjani na baka la nyuma ya kiwiko yote ni ya mkononi. Alinifundisha kuandika upande, sehemu, kisha umbali kutoka mahali pasipohama: "mkono wa kulia, upande wa kidole kidogo, sentimeta 4 chini ya ncha ya kiwiko." Mtu mwingine akisoma, anaweka kidole pale pale. Na baka hilo likiwa karibu na njia ya neva, mahali peke yake panamwambia msomaji abonyeze wapi.

"Meupe" lilikuwa baya zaidi. Neno hilo hutumika kwa ngozi iliyopoteza rangi yote ikabaki kama chaki, na pia kwa ngozi iliyofifia kidogo tu kuliko inayoizunguka. Ya kwanza humfanya daktari afikirie ugonjwa wa mabaka meupe pe, ule ambao hauui hisia. Ya pili ndiyo ya ukoma, kwa maana baka la ukoma hupauka lakini halimalizi rangi. Aliyeandika "meupe" angeweza kuwa aliona yoyote kati ya hizo mbili, nami nilipoandika "nyeupe" kwenye kisanduku cha rangi, nililifunga swali ambalo lilitakiwa kubaki wazi.

Swali hilo halikuweza kujibiwa tena. Klofazimini huigeuza ngozi kuwa nyekundu ya hudhurungi na kisha kuitia weusi, na huonekana zaidi penye mabaka. Fundi alikuwa ameimeza miezi mitano. Rangi ya mwanzo ilikuwa imepita, hakuna aliyeipima kwenye mwanga wa mchana, na fomu hata ikipangwa vizuri namna gani haiwezi kurudisha kilichokosa kutazamwa. Tuliandika: "Rangi kabla ya dawa: 'meupe' (daftari). Leo: hudhurungi iliyokolea, kingo zikiwa na wekundu wa shaba."

Ukubwa tulipima kwa rula ya plastiki, urefu wa baka panapozidi, kisha upana ukiukata urefu huo msalaba. Baka la chini ya kiwiko lilikuwa sentimeta 4 kwa 3. Kubwa kuliko yote, la takoni, 6 kwa 4. Kwenye madaftari yetu nilikuwa nimekuta "kama shilingi" mara nyingi sana, nami kila mara niliibadilisha kuwa sentimeta bila kujua mwandishi aliwaza sarafu ipi. Umbo tuliandika "duara lisilokamilika, kingo zimeinuka upande mmoja". Mtawanyiko tuliuandika mwisho, baada ya kuuchora kwenye picha ya mwili mbele na nyuma: mabaka 11, hayalingani kulia na kushoto, uso na viganja ni safi. Chini yake nilitakiwa kuongeza sehemu zilizotazamwa na zisizotazamwa. Kama mstari huo ungekuwepo tangu mwanzo, kijana yule angejua kwamba matako ya fundi hayakuwahi kuonwa na mtu yeyote kituoni.

Niliporudi nyumbani nililitazama rundo la fomu nilizokwisha kujaza. Sikuweza kukumbuka ni sentimeta zipi nilizisoma na zipi nilizibuni, kwa sababu zote zilikuwa katika wino ule ule na mwandiko ule ule. Ilinibidi kulifungua kila daftari upya, mgonjwa kwa mgonjwa, na kukata kwa wino mwekundu kila neno ambalo sikuliona humo. Fomu nyingi zilibaki na visanduku viwili vyenye maneno na vitatu vimeandikwa "haikuandikwa". Hizo niliziwekea alama kwenye kona ili mgonjwa akirudi avuliwe na kupimwa kama mgeni.

Fundi alimaliza pakiti yake ya kumi na mbili. Siku hiyo nilimwita nyuma ya pazia, na kabla sijafungua kinywa alikuwa ameshavua shati na kugeukia dirishani. Nikasokota pamba. Kwenye kidole cha pete alionesha nilipogusa. Kwenye kidole kidogo nikagusa mara tatu, akaendelea kusubiri, nami nikaandika: "Kidole kidogo, kulia: hasikii. Leo."